Anwani Inayoanza na S

Paswadi ilikuwa sahihi. Hilo Wekoye alilijua, na hata simu yenyewe ilikubali. Kila alipoiandika, ukurasa ulifunguka, akaona picha yake ndogo akiwa amevaa kofia ngumu ya njano, na chini yake yakatokea yale maneno ambayo sasa alikuwa anayachukia: tumetuma namba za uthibitisho kwa simu inayoishia na 41.

Simu inayoishia na 41 ilikuwa laini ya Qatar. Laini ile ilikuwa imekufa. Kule, laini husajiliwa kwa kitambulisho cha ukaaji, na kampuni ilipofuta kitambulisho chake na kumpandisha ndege, laini nayo ilikatwa. Isitoshe, hata kadi yenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa ndani ya simu yake ya zamani, na simu hiyo ilipotea katika bweni la wafanyakazi siku chache tu baada ya yeye kumwambia msimamizi kwamba ana video.

Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma alichokodi Kitale, nyuma ya soko. Mvua ilikuwa inapiga mabati, umeme umepotea, mlango wa geti la mteja umeegemezwa ukutani bila bawaba. Alibonyeza "jaribu njia nyingine". Njia nyingine zikaja, na zote zilimrudisha kulekule. Apigiwe kwenye namba ileile. Athibitishe kwa kubonyeza "ndiyo" kwenye simu ileile iliyopotea. Au aandike mojawapo ya namba za akiba, zile kumi ambazo mtu hupewa azichapishe na kuzificha mahali. Alikumbuka kabisa siku alipoambiwa azichapishe. Alikuwa bwenini, amechoka, na akabonyeza "baadaye".

Ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na Kipsang.

Kipsang alitoka Kachibora, Wekoye alitoka Naitiri, na kule jangwani watu wawili wa Trans-Nzoia na Bungoma huwa ni kama wamezaliwa boma moja. Walifanya kazi ya kufunga majukwaa ya vyuma kwenye majengo marefu. Kipsang alianguka na kufa mwezi wa pili, asubuhi. Kampuni ikasema alifungua mkanda wake wa usalama mwenyewe, kwa uzembe. Lakini asubuhi hiyohiyo, kabla ya kazi, Wekoye alikuwa amemrekodi Kipsang akiwa amefunga mkanda, ndoano imeingia kwenye pete ya ukutani, na Kipsang anaitikisa ile pete kwa mkono na kusema kwa Kiswahili, "Ona, hii kitu inacheza." Walitaka kumwonyesha msimamizi. Simu ilikuwa na mazoea ya kupandisha picha na video zote kwenye akaunti kila ilipopata mtandao wa bweni. Wekoye aliamini kwamba ile video ilipanda usiku ule kabla simu haijatoweka. Aliamini, lakini hakuwa ameiona.

Jioni alimweleza mkewe, Nekoye, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja pale mjini. Alimweleza kwa sauti ya chini, kama kwamba majirani wangejali.

"Umejaribu ile ya kusahau paswadi?" Nekoye aliuliza.

"Sijasahau paswadi."

"Najua. Lakini jifanye umesahau. Huko ndiko huwa wanakuuliza maswali mengine."

Alifuata ushauri huo. Akaunti ikamuuliza paswadi ya mwisho anayoikumbuka, akaiandika. Kisha ikasema inaweza kutuma namba kwa anwani ya barua pepe ya kurejesha akaunti, na ikaionyesha anwani hiyo ikiwa imefunikwa: herufi moja, s, halafu msururu wa vidoadoa.

Wekoye aliitazama ile s kwa muda mrefu. Hakukumbuka kuweka anwani yoyote ya aina hiyo. Yeye jina lake halina s hata moja.

Hakuweza kupata namba zilizotumwa huko, basi akabonyeza kwamba hana njia ya kufikia anwani ile. Akaambiwa aandike anwani nyingine ambako anaweza kupatikana. Alifungua imeili mpya palepale, akaiandika. Jibu likaja: ombi lake linakaguliwa, kwa sababu anaingia kutoka nchi tofauti na kwa kifaa kisichojulikana, kwa hiyo itachukua siku kadhaa. Ikiwa ni mwenye akaunti kweli, asubiri.

Akasubiri. Alipochomelea geti, simu ilikuwa mfukoni mwa ovaroli. Alipokula, ilikuwa mezani. Siku ya tatu ujumbe uliingia. Aliusoma akiwa amesimama, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa kichwani. Ombi lako limeghairiwa. Mtu fulani ametujulisha kwamba si wewe.

Aliomba tena. Likaghairiwa tena, safari hii siku ileile. Alipojaribu mara ya tatu, akaunti ilimwambia amejaribu mara nyingi mno, arudi baadaye.

Kwa hiyo palikuwa na mtu. Si mashine iliyomkataa, bali mtu mwenye kidole, aliyeona ombi la Wekoye na kusema hapana.

* * *

Kisha Munene akapiga simu.

Munene ndiye aliyewatafutia kazi, yeye na Kipsang na wengine wengi. Ana ofisi Nairobi, na sauti yake ni ya mtu anayekutakia mema. Hakuwa amempigia Wekoye tangu arudi.

"Wekoye, bwana. Nasikia una shida na imeili yako."

Wekoye aliweka chini koleo. "Umesikia wapi?"

"Dunia ni ndogo. Sikiza, mimi niko na kijana hapa wa kompyuta, mtu safi sana. Nitumie tu imeili na paswadi, kesho asubuhi unaipata ikiwa wazi. Na kama kuna namba zozote zitakuja kwa simu yako, unanisomea."

"Nitafikiria."

"Usifikirie sana. Hizi akaunti zikikaa hivyo zinafutwa."

Wekoye alikata simu. Mambo ya akaunti hiyo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu kwa kinywa chake: Nekoye. Jioni ile alimwangalia mkewe akikunja sare yake, akajikuta anamwangalia kama mtu anayemchunguza mgeni. Nekoye alikuwa na namba ya Munene. Katika miaka yote ya Qatar, Nekoye ndiye aliyempigia Munene kila mshahara ulipochelewa.

"Ulizungumza na Munene?" aliuliza.

"Lini?"

"Mimi ndiye nakuuliza."

Nekoye aliweka sare chini. "Baba Emmy, kama kuna kitu unataka kusema, sema."

Tangu siku ile Wekoye alianza kulala na simu chini ya mto, na Nekoye aliliona hilo. Nyumba ikawa na ukimya ambao hata Emmy, binti yao, aliuzunguka kama anavyozunguka mtu sufuria ya moto.

Na ile s. Ilimla. Alihesabu watu wote anaowajua wanaoanza na s, na kila mara alifika kwa mmoja: Sifuna, mdogo wake. Sifuna aliyekaa Naitiri na shamba la baba yao. Sifuna aliyemsaidia kushughulikia karatasi za safari miaka ile. Sifuna ambaye, Wekoye akiwa mbali, alipanda mahindi hadi kwenye kipande kilichosemekana ni cha Wekoye. Kama Munene angetaka kumnunua mtu, angemnunua nani mwingine?

Jumamosi alienda Naitiri. Alimkuta Sifuna akipalilia, suruali imekunjwa hadi magoti.

"Karibu, kaka," Sifuna alisema. "Hukuniambia unakuja."

"Fungua imeili yako nione."

"Nini?"

"Imeili. Kwa simu. Nataka kuona anwani."

Sifuna alifuta mikono kwenye suruali, polepole, akatoa simu. Ilikuwa simu ya vibonyezo, isiyo na mtandao. "Mimi sina imeili, bana. Ile ya kutafuta kazi ya chifu nilifunguliwa na mwalimu, na hata sijui iko wapi. Kwani nimekukosea nini?"

Wekoye alimweleza, na akiwa anaeleza, aliona uso wa mdogo wake ukifungwa kama mlango. Sifuna alisikiliza hadi mwisho. Akachukua jembe lake.

"Kwa hivyo ulitoka Kitale mpaka hapa kwa sababu jina langu linaanza na s."

"Nani mwingine angeweka anwani kwa akaunti yangu?"

"Aliyeifungua," Sifuna alisema, bila kumtazama. "Wewe hukuifungua. Mimi pia sikuifungua. Tulienda Bungoma, ile saiba, duka la intaneti karibu na msikiti, kwa sababu maombi ya pasipoti yalikuwa yanataka imeili na wewe hukuwa nayo. Yule jamaa akakufungulia imeili na kukujazia maombi kwa dakika chache, watu wamepanga foleni nyuma yetu. Akauliza anwani ya pili ni gani, ukasema huna, akasema basi ataweka yake. Ulikuwa umekazana na picha za pasipoti, hukusikia." Akapiga jembe moja ardhini. "Alikuwa anaitwa Sufian."

* * *

Saiba haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na duka la vifuniko vya simu, chaja na spika ndogo, na kwenye kona mashine moja ya kuchapisha. Mwanamke mmoja, Khairunisa, alikuwa akihudumia. Nyuma yake mwanamume wa makamo, kofia nyeupe kichwani, alikuwa amefungua simu ya mtu na kuitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Namtafuta Sufian," Wekoye alisema.

"Wa nini?" mwanamume aliuliza bila kuinua kichwa.

"Alinifungulia imeili zamani. Mimi ni Wekoye, wa Naitiri."

Kichwa kikainuka. Macho yakampima Wekoye kutoka viatu hadi kwenye kola ya shati. "Simjui Wekoye."

"Wewe ndiye Sufian?"

"Nimesema simjui Wekoye."

Khairunisa aliacha kuhesabu vifuniko. Wekoye akasogea karibu. Huyu hapa, ndiye mwenye kidole. Hata hajaulizwa swali tayari anakana. Aliinamia kaunta.

"Kuna mtu anakataa maombi yangu. Maombi yanakuja kwa anwani yako. Munene amekulipa ngapi?"

"Munene ni nani?"

"Unamjua."

"Ndugu yangu," Sufian alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu ila mkono wake ulikuwa umefunika simu yake mwenyewe juu ya meza, "mimi nilifungulia watu mia nane imeili katika mji huu. Wengi niliwawekea anwani yangu, kwa sababu hawakuwa na nyingine. Lilikuwa kosa, leo nisingefanya. Tangu hapo kila wiki napata ujumbe: mtu anataka kuingia kwa akaunti ya fulani. Wengi ni wezi. Wengine wanakuja hapa kabisa na kujiita jina la mwenyewe. Juzi alikuja mmoja akalia machozi. Baadaye tukajua ni shemeji wa marehemu. Kwa hivyo mimi sijui mtu. Ujumbe ukija na mwenyewe hajaniambia, nabonyeza hapana."

Wekoye alitaka kumwamini, na kwa sababu alitaka, akamshuku zaidi.

"Nina kitambulisho," alisema mwishowe.

"Kitambulisho hata mimi naweza kutengenezewa, huko nyuma ya stendi." Sufian alikichukua hata hivyo, akakisoma pande zote mbili, akalinganisha picha na uso, akamrudishia. Akafikiri. "Una ile simu unayoombea?"

"Hii hapa."

"Mtandao wa simu yako, ama wa mtu?"

"Wa kwangu. Bando."

"Basi omba sasa hivi, mbele yangu. Usiniguse, usije upande huu. Mimi nitaangalia kinachoingia kwangu."

Walisimama hivyo, kaunta katikati, kila mmoja na simu yake ameishika karibu na kifua. Wekoye aliandika anwani yake, akaandika paswadi, akafika kwenye ile s na vidoadoa, akabonyeza tuma. Punde simu ya Sufian ikatetemeka.

"Soma aina ya simu yako," Sufian alisema. Wekoye akaisoma nyuma ya jalada. Sufian akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo iliyoandikwa hapa. Lakini mahali wameandika Nairobi."

"Mimi niko mbele yako."

"Najua. Mitandao ya simu huwa inaonekana kama iko Nairobi, hata mtu akiwa Saboti. Ndiyo sababu mahali hapasemi kitu." Aliinua macho. "Lakini kuna jambo. Haya maombi yako mawili niliyokataa yalitoka kwa simu hii hii. Kabla yake kulikuwa na mengine, na hayakutoka kwa simu. Yalitoka kwa kompyuta."

"Mimi sijagusa kompyuta tangu nirudi."

"Basi si wewe peke yako unayeitaka hii akaunti."

Aligeuza simu yake, kwa mara ya kwanza, Wekoye aone. Jumbe zilikuwa zimepangana. Za juu zilikuwa zake. Za chini, zilizotangulia, zilisema kompyuta, Nairobi, na tarehe zake zilikuwa kabla Wekoye hajajaribu hata mara moja. Mtu huyo hakuwa na paswadi, kwa sababu alianza moja kwa moja na kuomba kurejesha akaunti. Alikuwa na anwani tu. Anwani ya Wekoye ilikuwa kwenye kila karatasi aliyojaza katika ofisi ya Munene. Lakini pia ilikuwa kwenye karatasi za kampuni, za kambi, za kliniki ya Doha. Hakuna ujumbe ulioandikwa jina la aliyeomba.

"Kama ningekuwa mtu wa kubonyeza ndiyo ovyo ovyo," Sufian alisema, "huyu angekuwa ndani kitambo."

Khairunisa alisogeza kiti kuelekea kwa Wekoye. Wakamsomea namba sita zilizoingia, akaziandika. Akaunti ilizikubali, kisha, bila aibu, ikasema bado. Kwa kuwa nchi ni mpya na kifaa ni kipya, na kwa kuwa maombi yaliyotangulia yalikataliwa, lazima kuwe na muda wa kungoja, na ikataja siku utakapoisha. Muda ukiisha, kiungo cha kuweka paswadi mpya kitatumwa kwa anwani ya Sufian. Wakati huo, mwenye akaunti anaweza kughairi akiona kuna udanganyifu.

"Kwa nini wanafanya hivi?" Wekoye aliuliza. Alihisi uchovu wa ghafla. "Paswadi ninayo. Namba sita nimewapa."

"Mwizi pia angekuwa nazo. Kitu ambacho mwizi hana ni subira. Na wewe usijaribu tena hata mara moja kabla ya siku hiyo. Ukijaribu, wanaanza kuhesabu upya."

Kwa hiyo alilazimika kuondoka Bungoma akiwa amekiacha kila kitu mikononi mwa mtu aliyekutana naye asubuhi ileile, mtu aliyeweza kukipokea kiungo, kukifungua mwenyewe na kuingia. Alipofika mlangoni aligeuka. Sufian alikuwa anamtazama.

"Unaniogopa," Sufian alisema.

"Ndiyo."

"Vizuri. Njoo siku hiyo mapema."

* * *

Siku za kungoja alizitumia kumtafuta aliyemwambia Munene. Hakuwa na ujasiri wa kumuuliza Nekoye tena, basi alienda Kachibora kwa Chepngeno, mjane wa Kipsang, kumpa habari kwamba huenda video ikapatikana. Chepngeno alikuwa akianika mahindi uani, mwanawe Ian akiwa shuleni. Aliposikia jina la Munene alikaa chini juu ya gunia.

"Ni mimi nilimwambia," alisema.

Wekoye hakuelewa mara moja.

"Alikuja hapa. Mara mbili amekuja. Ana karatasi anataka niweke sahihi, imeandikwa kwamba baba Ian alifungua mkanda mwenyewe. Mara ya kwanza nilikataa. Nikamwambia Wekoye alichukua video, nilisikia wakati wa matanga, watu wa kambini walipiga simu wakasema. Akauliza iko wapi. Nikasema lazima iko kwa imeili, kwa sababu simu ilipotea." Alichukua punje ya hindi, akaivunja kwa kucha. "Aliporudi mara ya pili akaniambia imeili ya Wekoye imefungwa, haifunguki tena, kwa hivyo nisisumbuke. Nikajiuliza, huyu amejuaje?"

Wekoye alisimama pale uani na kuona mambo mawili kwa pamoja. Aliona kompyuta ya Nairobi, na aliona uso wa Nekoye akikunja sare. La kwanza hakuweza kulithibitisha. La pili, kwamba alimshuku mkewe bure, lilikuwa limethibitishwa tayari, na hakuwa na pa kuliweka.

"Uliweka sahihi?" aliuliza.

"Anarudi Ijumaa. Amesema ni mara ya mwisho." Chepngeno alimtazama. "Wekoye, unajua kwa hakika hiyo video iko?"

"Sijui."

"Basi usiniambie iko."

Alirudi Kitale. Nekoye alikuwa ametoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Wekoye aliketi kando yake akamwambia yote: s, Sufian, kompyuta, Chepngeno, na simu aliyoilaza chini ya mto. Hakuacha kitu. Nekoye alisikiliza akitikisa vidole majini.

"Mimi nilidhani una mwanamke," alisema mwishowe.

"Kwa imeili?"

"Simu chini ya mto, unaenda Bungoma, unarudi hujasema. Wewe ungedhani nini?" Hakucheka. Lakini alisogeza mguu mmoja, akampa nafasi ya kuweka wake.

* * *

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Wekoye alifika dukani kabla halijafunguliwa, akiwa na Nekoye safari hii. Sufian alikuja, akafungua kufuli, akaweka simu yake juu ya kaunta, uso juu, bila kuambiwa. Kiungo kilikuwa kimeingia alfajiri. Hakikuwa kimefunguliwa.

Sufian alikipeleka kwa imeili mpya ya Wekoye, na Wekoye akakifungua kwenye simu yake mwenyewe, akawapa mgongo wote wawili ili kuandika paswadi mpya. Aliiandika mara mbili. Gurudumu dogo likazunguka. Na hapo, bila kishindo chochote, barua zake zikajitandaza: matangazo, bili za Doha, salamu za sikukuu kutoka kwa watu wa kambi.

"Usiende kwa video bado," Sufian alisema. "Funga milango kwanza."

Akamwongoza hatua kwa hatua, akiwa upande wake wa kaunta. Wekoye aliondoa namba inayoishia na 41. Aliondoa simu iliyopotea kwenye orodha ya vifaa. Ilionekana mara ya mwisho Doha, siku ileile ilipotoweka, na baada ya hapo kimya. Aliweka laini yake ya Kenya. Alizalisha namba kumi za akiba, Khairunisa akazichapisha, na Nekoye akazikunja na kuzitia ndani ya kadi yake ya kazi. Mwisho Wekoye alifuta anwani ya Sufian na kuweka ya Nekoye. Akaunti ilikubali, lakini ikaongeza onyo: kwa siku saba zijazo, anwani ya zamani bado inaweza kutumiwa kuthibitisha.

Wekoye na Sufian walitazamana.

"Siku saba," Wekoye alisema.

"Zitaisha," Sufian alijibu. "Kompyuta ikija tena, jibu unalijua."

Ndipo akafungua picha. Aliteremka hadi mwezi wa pili. Chakula cha bweni. Jua likichomoza nyuma ya korongo la kuinulia vyuma. Kipsang akitafuna mswaki. Halafu kukawa na kipande cha kijivu kisichofunguka, lakini ilikuwa ni mtandao tu uliozubaa. Kikafunguka. Ukuta, upepo, mkono wa Kipsang ndani ya glavu, ndoano imefunga. Pete ikatikisika.

"Ona, hii kitu inacheza."

Wekoye alitaka kuituma papo hapo kwa kila mtu kwenye simu, na ni Sufian aliyemzuia. Ukiituma kwa programu za kuchati, alisema, wanaibana iwe ndogo, na zile habari za ndani, siku na saa na mahali iliporekodiwa, zinapotea. Pakua ile yenyewe. Wakaipakua, wakaiweka kwenye flashi mbili, na nakala nyingine wakaituma kwa barua pepe kwa wakili mmoja wa Kitale ambaye huwatetea watu waliorudi kutoka ughaibuni. Wakili alijibu kabla hawajaondoka. Alisema Wekoye asiifute hata kama itajaza akaunti, na Chepngeno asiweke sahihi popote.

Ijumaa Wekoye na Nekoye walikuwa Kachibora mapema. Wakakaa uani na kumpa Chepngeno simu. Aliitazama video mara ya kwanza bila sauti. Alikuwa ameisogeza karibu sana na uso, na hakutazama pete. Alitazama kiuno cha mumewe, pale mkanda ulipopita.

"Amefunga," alisema.

"Amefunga," Wekoye alisema.

Akaongeza sauti, akasikiliza yale maneno manne ya Kipsang, mara moja, kisha akamrudishia Wekoye simu.

Munene hakuja siku ile. Simu yake ililia ikakatika, na baadaye akatuma ujumbe kwamba amepata dharura, atapanga siku nyingine. Hakuwahi kupanga. Wakili alipomwandikia, alijibu kwamba hajawahi kusikia kuhusu video yoyote wala kujua anwani ya mtu yeyote. Kampuni ilibadilisha maneno yake kidogo: si uzembe tena, sasa ni "chanzo kinachunguzwa". Kesi inaendelea. Sifuna, kule Naitiri, anapokea simu za kaka yake siku hizi, ila huzungumza kwa ufupi, na humaliza yeye kwanza.

Lakini kabla kesi haijafika huko, siku ya tano kati ya zile saba, Sufian alipiga simu kutoka Bungoma. Wekoye alikuwa juu ya ngazi, anashikiza bawaba za geti la mtu.

"Imekuja tena," Sufian alisema. "Kompyuta."

"Na wewe?"

"Nimebonyeza hapana. Lakini nimepiga picha ya ujumbe wote kwanza, tarehe na kila kitu. Nimtumie wakili wako?"

Wekoye alishuka ngazi, akafuta mkono kwenye ovaroli, akamsomea anwani ya wakili, herufi moja moja.